Sura ya 6: Mzigo Unaotoka Stoo ya Mwingine

Mteja wa Mwanza akinunua mashuka kwenye duka la mtandaoni, hajui wala hahitaji kujua kwamba mwenye duka anaishi Morogoro na hajawahi kuyagusa mashuka hayo. Yametoka kwenye rafu ya muuzaji wa jumla Kariakoo, kijana wa stoo ameyafunga, yamepelekwa ofisi ya vifurushi ya basi, na sasa yako mkononi mwa mteja. Anapofungua mfuko anataka kuona mambo mawili tu: kitu alichokilipia, na jina la duka alilolilipa. Akikuta rangi nyingine, au akikuta kadi ya biashara ya duka asilolifahamu lenye bei nusu ya aliyolipa, biashara hiyo imekwisha kwa mteja huyo, na huenda hata kwa jirani zake.

Sura hii inahusu namna ya kupanga kazi hiyo kati ya watu wawili ambao kila mmoja yuko mahali pake. Nimechagua mashuka kwa sababu yana saizi na rangi nyingi, na hapo ndipo mipango mingi inapovunjika. Duka la mfano wetu linatumia WooCommerce, lina muuzaji wa jumla mmoja, na linatuma mizigo mikoani kwa basi.

Kila kitu kianze na namba moja

Kabla ya stika, kabla ya karatasi nzuri yenye nembo, pande mbili zikubaliane kuhusu majina ya bidhaa. Kijana wa stoo anaita "bluu ya maua". Mwenye duka ameandika "bluu bahari" kwa sababu inapendeza kwenye picha. Mteja, naye, ameona rangi ya tatu kwenye simu yake. Oda inapofika stoo imeandikwa "bluu bahari 6 kwa 6", kijana anachukua iliyo karibu na mkono wake, na hapo hakuna wa kulaumiwa.

Dawa yake ni namba ya bidhaa, ile inayoandikwa kwenye sehemu ya `SKU` katika mfumo wa duka. Kila saizi na kila rangi iwe na yake: `MSH-66-BLU` kwa mashuka ya 6 kwa 6 ya bluu, `MSH-56-KJV` kwa ya 5 kwa 6 ya kijivu. Namba hiyo hiyo ichapwe kwenye stika na kubandikwa kwenye ukingo wa rafu ya muuzaji wa jumla. Usiridhike na kumtumia orodha kwenye simu. Nenda, au mtume mtu, mbandike pamoja rafu kwa rafu, naye kijana wa stoo akiwepo. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja na huokoa ugomvi wa mwaka mzima.

Namba zianze na herufi. Ukiandika `0045`, programu ya jedwali kama Excel huifuta sifuri ya mbele na kubakiza 45, halafu duka litasema halina bidhaa ya namba hiyo. Kosa hili ni dogo lakini linachosha kulitafuta, kwa sababu kwenye karatasi kila kitu kinaonekana sawa.

Hesabu ya stoo ina saa yake

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo. Muuzaji wa jumla hauzi kupitia kwako peke yako. Ana wateja wa kaunta wanaoingia tangu asubuhi, ana wachuuzi wanaochukua kwa bando, na ana maduka mengine ya mtandaoni kama lako. Kwa hiyo idadi anayokutumia ni kweli kwa dakika ile aliyohesabu tu. Baada ya hapo inaanza kuzeeka, na huzeeka haraka zaidi mwisho wa mwezi na wiki za kuelekea Idi, watu wanapobadilisha mashuka na mapazia.

Wenye maduka wengi wanalijua hilo. Wasichokijua ni jinsi wao wenyewe wanavyoiharibu hesabu wanapoiingiza dukani. Tuangalie siku moja.

Jumatatu saa tatu asubuhi, kijana wa stoo anahesabu rafu na kukuta seti 14 za `MSH-66-BLU`. Anatuma orodha kwa WhatsApp. Mwenye duka anaiona saa nne na nusu. Jumapili jioni aliuza seti 3 za bidhaa hiyo. Oda zimeshatumwa stoo, lakini kijana alipokuwa anahesabu alikuwa hajazitoa rafuni. Kati ya saa tatu na saa nne na nusu zimeingia oda nyingine 2 zilizolipiwa. Mfumo wa duka umefanya kazi yake vizuri: kila oda ilipolipiwa, ulipunguza idadi. Kisha mwenye duka anaingiza ile orodha ya asubuhi, na duka linaandika 14.

Tazama kilichotokea. Zile seti 5 ambazo mfumo ulikuwa umeshazitoa zimerudi sokoni. Zina wenyewe, wameshalipa, lakini dukani zinaonekana ziko wazi. Mwenye duka atauza 14 huku zilizobaki ni 9, na wateja 5 wa mwisho watapigiwa simu ya kuombwa radhi. Mbaya zaidi, atamlaumu kijana wa stoo kwa kuhesabu vibaya, wakati kijana alihesabu sawasawa.

Hesabu sahihi ni hii:

```
Idadi ya dukani = hesabu ya stoo
                − oda zilizolipiwa ambazo mzigo wake
                  ulikuwa bado rafuni saa ya kuhesabu
                − akiba
```

Mstari wa kati unahitaji umakini. Watu huuliza, "Mzigo umeshatoka?" na wakijibiwa ndiyo, hawautoi kwenye hesabu. Swali hilo si sahihi. Kama kijana alihesabu saa tatu na kuutoa mzigo rafuni saa nne, mzigo huo umo ndani ya ile 14, hata kama sasa hivi uko kwenye bodaboda unaelekea ofisi ya basi. Cha kuuliza ni ulikuwa wapi wakati wa kuhesabu. Ndiyo maana mazungumzo ya asubuhi yanapaswa kuwa mafupi na yaleyale kila siku:

"Kaka, habari za asubuhi. Hesabu hii ni ya saa ngapi?"

"Nzuri dada. Ya saa tatu."

"Na mizigo yangu ya jana jioni, ulikuwa umeshaitenga?"

"Hapana, ilikuwa bado rafuni. Nimeanza kuitoa saa hizi."

Kwa majibu hayo mawili, mwenye duka anajua atoe 3 za jana na 2 za asubuhi. Bado kuna akiba. Hiyo ni idadi unayoificha kwa makusudi ili iwabebe wateja wa kaunta watakaonunua kabla ya hesabu inayofuata. Usiikisie. Muulize muuzaji wa jumla kaunta yake huuza seti ngapi za bidhaa hiyo kati ya hesabu moja na nyingine. Akisema nne siku ya kawaida, akiba yako ni 4, na msimu wa Idi iongeze. Kwa hiyo 14 ukitoa 5, ukitoa 4, duka linaonyesha 5. Bidhaa inayotoka moja kwa wiki inaweza kubaki na akiba ya 1. Hesabu ikishuka hadi sifuri au chini yake, andika sifuri na uache ukurasa wa bidhaa ulivyo, ukiwa umefunga uuzaji wa kisichokuwepo. Katika WooCommerce ni ile sehemu ya `Allow backorders?`, chagua `Do not allow`.

Kuna njia ya kurahisisha mstari wa kati, nami naipendekeza kwa kila duka linalopata oda zaidi ya chache kwa siku. Muuzaji wa jumla akupe rafu moja, au hata kona yenye boksi kubwa, iandikwe jina la duka lako. Oda ikifika tu, kijana anahamisha mzigo kwenda kwenye kona hiyo, hata kama ataufunga baadaye, na anapohesabu haihesabu kona hiyo. Hapo oda za kutoa kwenye hesabu zinabaki zile tu ambazo zilikuwa hazijafika stoo saa ya kuhesabu, na hizo mfumo wa duka unakuonyesha kwa muda wake.

Kuingiza idadi dukani si lazima kwa mkono. WooCommerce inapokea jedwali la CSV, na kwa kazi hii safu mbili zinatosha:

```
SKU,Stock
MSH-66-BLU,5
MSH-66-KJV,0
MSH-56-BLU,11
```

Wakati wa kuliingiza, weka alama kwenye `Update existing products`. Usipoweka, mfumo utachukulia kwamba unataka kuongeza bidhaa mpya, na kwa kuwa namba hizo zipo tayari, utaziruka. Ukiweka, utabadilisha zilizopo na kuruka zisizojulikana. Soma ule ujumbe wa mwisho unaotaja ngapi zimerukwa: ikiwa orodha ina bidhaa 40 na 3 zimerukwa, kuna namba tatu zilizoandikwa tofauti stoo na dukani. Zisahihishe siku hiyohiyo.

Duka linalopokea malipo kwa Lipa Namba au benki lina shimo jingine. Mteja akichagua kulipa kwa uhamisho wa benki, WooCommerce huiweka oda katika hali ya `On hold` na kupunguza idadi mara moja, hata kabla fedha haijafika. Ule muda wa dakika 60 unaofuta oda zisizolipiwa, `Hold stock (minutes)`, unahusu oda za `Pending payment` peke yake, hauzigusi hizi. Kwa hiyo mteja aliyeahidi na kunyamaza anaweza kukufungia seti ya mwisho kwa wiki nzima. Jiwekee saa ya kila siku ya kuzipitia na kuzifuta kwa mkono. Kumbuka pia kwamba mstari wa kati wa hesabu yetu unasema oda zilizolipiwa; oda ya `On hold` unayoendelea kuisubiri nayo itoe, maana umeshamwekea mtu.

Utajuaje kwamba hesabu yako inavuja? Angalia saa za oda ulizolazimika kuzifuta kwa kukosa mzigo. Zikirundikana muda mfupi baada ya kuingiza jedwali, unarudisha sokoni mizigo iliyouzwa. Zikiwa nyingi kuelekea jioni, kabla ya hesabu inayofuata, akiba yako ni ndogo. Zikiwa za namba moja ileile kila mara, nenda ukaangalie stika ya rafu hiyo. Mara nyingi rangi mbili zinazofanana zimechanganyika.

Karatasi inayosema mzigo ni wa nani

Karatasi ya mzigo inayoingia ndani ya mfuko ina wasomaji wawili. Wa kwanza ni kijana wa stoo, anayeitumia kuchukua bidhaa. Wa pili ni mteja. Ukiipamba kwa ajili ya mteja tu, kijana hataona namba. Ukiiandika kwa ajili ya kijana tu, mteja atapata kitu kama hati ya ghala.

Mpangilio unaofanya kazi ni nusu ya karatasi ya A4. Juu, jina na nembo ya duka, kisha namba ya oda kwa maandishi makubwa yanayosomeka ukiwa umesimama. Chini yake jina la mpokeaji, mji na simu. Kisha jedwali la bidhaa: namba ya bidhaa kwanza, maelezo, idadi. Kwa mashuka andika vilivyomo kwenye seti, "shuka 2, foronya 4", ili mteja ahesabu mwenyewe na kijana ahesabu kabla yake. Mwisho, masharti mafupi ya kubadilisha na namba ya simu ya duka, si ya muuzaji wa jumla.

Bei isiwepo. Watu wengi hununua kama zawadi, na mteja ana uthibitisho wake wa malipo. Ila sababu kubwa zaidi ni kwamba karatasi inapita mikononi mwa watu wanaomuuzia bidhaa hiyohiyo mtu mwingine.

Pembeni ya karatasi acha kipande cha kukata, chenye namba ya oda, namba za bidhaa na mahali pa saini. Kijana akifunga mzigo anasaini, anakikata na kukitundika kwenye msumari au kukiweka kwenye bahasha. Kipande hicho kitafanya kazi kubwa mwisho wa mwezi.

Nani achape? Mwenye duka akichapa Morogoro na kutuma karatasi Kariakoo, amejipa kazi ya bure na kuchelewesha mizigo. Atengeneze faili moja la PDF la oda zote za siku, kila oda kwenye ukurasa wake, alitume saa nane mchana, na stoo ichape. Saa hiyo iwe mwisho wa oda za siku, na ionekane wazi dukani. Oda ya saa tisa inaondoka kesho. Kama stoo haina printa, mnunulie. Printa ndogo nyeusi na nyeupe inatosha, kwa sababu rangi za duka lako zinaweza kuwa kwenye mfuko na stika ulizochapisha kwa wingi mapema. Printa za karatasi ya joto, zile za risiti, ni nafuu na hazihitaji wino, lakini maandishi yake hufifia juani na karatasi nzima huwa nyeusi kwenye joto kali. Zinafaa kwa stika ya nje ya safari ya siku mbili. Kipande cha kumbukumbu kiwe cha karatasi ya kawaida.

Mfuko ni jambo la kulisimamia bila aibu. Wauzaji wengi wa jumla wana mifuko yenye majina yao, na mkono wa kijana umezoea kuichukua. Pia umezoea kutumbukiza kadi ya biashara ndani. Mpelekee mifuko yako, iwekwe kwenye ile kona yako na si pamoja na ya duka lao. Na uombe picha: mfuko ukiwa wazi, mashuka yanaonekana, karatasi ya mzigo juu yake, namba ya oda inasomeka. Picha hiyo inapigwa kwa sekunde chache na inatumwa kabla ya kufunga. Ukiiona ya kijivu wakati karatasi inasema `BLU`, unapiga simu mzigo ukiwa bado Kariakoo. Ukiinyamazia, utalipa nauli ya basi kwenda Mwanza, kurudi, na kwenda tena, ambayo kwa seti moja ya mashuka inaweza kumaliza faida yote. Baada ya ofisi ya basi kupokea, picha ya pili ya stakabadhi yao inaenda kwa mteja, pamoja na jina la basi na siku ya kufika.

Risiti ni jambo la sheria

Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu nimeona ushauri mbaya ukisambaa. Mauzo ni mawili. Muuzaji wa jumla anakuuzia wewe, na anapaswa kukupa risiti ya EFD kwa bei ya jumla. Wewe unamuuzia mteja, na risiti ya mteja inatoka kwako, kwa bei yako. Risiti ya kwanza isiingie kwenye mfuko. Ipigwe picha na kutumwa kwako, na ya karatasi ihifadhiwe hadi utakapoichukua. Ya pili, kama unatumia mfumo wa VFD, mteja anaipata kwa simu bila kusubiri basi. Kumwambia muuzaji wa jumla asitoe risiti ili mteja asiione bei ni kumwingiza yeye na wewe kwenye kosa la kodi kwa tatizo linalotatuliwa na bahasha.

Sheria nyingine inahusu zile namba za simu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Jina na simu ya mteja umepewa kwa ajili ya kumfikishia mzigo. Andikeni kwa mistari michache kwamba stoo itazitumia kwa kufikisha mzigo tu, haitawatumia wateja matangazo yake, na itafuta mafaili ya PDF baada ya muda mliokubaliana. Mkataba huo unalinda wateja, na unakulinda wewe dhidi ya muuzaji wa jumla anayeanza kuwapigia wateja wako moja kwa moja.

Mwisho wa mwezi

Toa vile vipande vilivyosainiwa, uvipange kwa namba. Kila kipande kiwe na oda dukani, na kila oda iliyokamilika iwe na kipande. Kisha linganisha na ankara ya muuzaji wa jumla. Kipande bila mstari kwenye ankara ni mzigo uliosahaulika kulipiwa. Mwambie, hata kama yeye hajaona. Mstari bila kipande ni mzigo uliotozwa lakini huna ushahidi kwamba ulitoka, na picha ya mfuko ndiyo itakayoamua. Weka amana kwake inayotosha oda za siku kadhaa, akate humo, ili kijana asisubiri uthibitisho wa malipo kwa kila mfuko wakati dereva wa bodaboda yuko mlangoni.

Ukilinganisha hivyo miezi michache, utaona namba mbili au tatu ambazo hutoka kila siku na ndizo hizohizo zinazoleta oda nyingi za kufutwa, kwa kuwa kaunta ya Kariakoo nayo inazigombania. Kwa hizo, akiba haitoshi tena. Zinunue mapema kwa fedha yako, zihamie kwenye ile kona yenye jina lako, na kuanzia siku hiyo hesabu yake iwe yako peke yako. Bidhaa nyingine ziendelee kutoka kwenye rafu ya muuzaji wa jumla.